Kushuka Ndiko Kunakouma

Mama yangu mkubwa anakaa ghorofa ya tatu katika moja ya yale majumba marefu ya Michenzani, mjini Unguja, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Jengo lake halina lifti. Kutoka mlangoni kwake hadi chini ni vidato 54. Idadi hiyo aliniambia yeye mwenyewe, kwa sababu mwaka jana ulifika wakati akawa anavishuka kimoja kimoja kwa kuhesabu, mkono mmoja ukutani, kanga ameikaza kiunoni. Ana miaka 67. Nilipokwenda kumwamkia siku moja, kabla hata sijaketi aliniambia: "Mwanangu, kupanda najikongoja nafika. Kushuka ndiko kunakoniua."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na maneno hayo nimeyasikia kwa wazee wengi. Watu wengi hudhani kupanda ndiko kugumu, maana ndiko kunakomtoa mtu pumzi. Goti lina hesabu yake nyingine. Watafiti waliwahi kuweka vipimo vya umeme ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa, kisha wakawatembeza. Mtu akitembea sehemu tambarare, goti hubeba takriban mara mbili na nusu ya uzito wake. Akipanda ngazi ni kama mara tatu. Akishuka hufika karibu mara tatu na nusu. Mama mkubwa alikuwa na kilo 84, kwa hiyo kila alipoteremsha mguu, goti lililobaki juu lilibeba karibu kilo 300, sawa na magunia sita ya mchele ya kilo 50. Na huo ulikuwa mzigo wa kidato kimoja tu.

Kinachozuia mzigo huo usimwangushe mtu ni misuli ya mbele ya paja. Unaposhuka, misuli hiyo hufanya kazi ya breki: inaachia goti likunjike polepole mpaka mguu wa chini ukanyage. Ikiwa dhaifu, mwili hudondoka badala ya kuteremka, na kishindo chote hupokewa na goti. Hapo ndipo mzee anaposikia kama kisu chini ya pia ya goti, au anahisi goti linataka kukatika. Akiumia, hupunguza kushuka, na asiposhuka, paja huzidi kulegea. Mama mkubwa alikuwa amefika hapo. Kwa miezi minne alikuwa hateremki ila kwa shughuli ya lazima, msiba au hospitali. Nilipopima mapaja yake kwa utepe, la kulia, upande wa goti baya, lilikuwa jembamba kuliko la kushoto kwa sentimita mbili na nusu.

Majirani walikuwa wamemwambia mafuta ya goti yamekauka. Usemi huo umeenea sana pwani na bara, nami naelewa ulikotoka, kwa sababu goti lililochakaa hukwaruza na kualika kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ila ukweli wa ndani uko namna nyingine. Ncha za mifupa miwili inayokutana gotini zimefunikwa kwa gegedu, kitu cheupe kinachoteleza, na katikati kuna ute. Miaka inavyokwenda gegedu huwa jembamba na lenye mikwaruzo, mfupa pembeni huota vijiuvimbe, na utando unaozunguka kiungo huwashwawashwa. Ute haukauki. Goti lililokasirika mara nyingi hujaa maji kuliko kawaida, na ndiyo maana linavimba. Tena gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, kila tunapokanyaga na kuinua mguu, kwa hiyo kumwambia mzee akae tu asitikise goti ni kulinyima gegedu hata kile kidogo lilichobakiwa nacho. Mlio wa goti usio na maumivu, kwa upande mwingine, usimtie mtu hofu.

Kabla ya kumpa zoezi lolote nilimuuliza maswali machache, na msomaji anaweza kumuuliza mzee wake vivyo hivyo. Asubuhi goti hukaza kwa muda gani? Kwake lilikaza kama dakika 10, kisha likalegea. Hiyo ni dalili ya kuchakaa. Lingekaza saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono vikavimba pia, ningewaza ugonjwa mwingine wa viungo unaotaka dawa zake maalumu. Je, lilianza ghafla usiku mmoja, likawa jekundu na la moto? Hiyo ingeweza kuwa jongo, ambalo wengi huliita gauti, au usaha ndani ya kiungo. Goti jekundu, la moto, pamoja na homa, halisubiri hata kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vilevile goti lililokwama lisikunjuke, au lisiloweza kukanyagiwa baada ya kuanguka. Na wakati mwingine goti linauma ilhali ubaya uko kwenye nyonga. Mzee akionyesha kwa kidole kwamba maumivu yanaanzia kinenani, nyonga ichunguzwe.

Picha ya eksirei alikuwa nayo tayari, na ilikuwa imemvunja moyo, maana alielezwa kwamba magoti "yameisha." Nilimwambia nisemalo kwa kila mgonjwa: picha na maumivu haviendi sambamba. Wapo wenye picha mbaya wanaokwea ngazi bila taabu, na wapo wenye picha nzuri wanaolia. Paja lenye nguvu halionekani kwenye picha.

Tulianza na ngazi zenyewe, maana alihitaji kushuka siku ileile. Kanuni ni fupi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mgonjwa utangulie. Anayetangulia kupanda ndiye anayeuvuta mwili juu, na anayebaki juu wakati wa kushuka ndiye anayefanya kazi ya breki, kwa hiyo mara zote mbili kazi nzito inaangukia mguu mzima. Miguu yote miwili ikutane kwenye kidato kimoja kabla ya kuendelea. Mkono ushike ukingo, na kama kuna bakora, ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti bovu. Wengi huishika upande uleule unaouma, na hapo haiupunguzii mguu mzigo ipasavyo. Jambo la mwisho lilikuwa mizigo. Yeye alikuwa akipanda na mfuko wa kilo tano za mchele na nazi mbili juu yake. Sasa kikapu kinapandishwa kwa kamba kutoka dirishani, na mjukuu wa jirani hukijaza chini.

Jikoni nako kulikuwa na jambo. Mama mkubwa hukuna nazi kwenye mbuzi, na kibao cha mbuzi kiko chini mno hivi kwamba magoti hukunjika mpaka mwisho, nao mkunjo huo ndio unaoibana pia ya goti kwa nguvu zaidi. Tuliiweka mbuzi juu ya sanduku imara la mbao, na kigoda cha kupikia kikapisha kiti. Msalani, kwa mwenye choo cha kuchuchumaa, kiti cha choo cha kuwekwa juu huleta nafuu hiyohiyo. Kuhusu sala, alikuwa akilazimisha kukaa baina ya sijida mbili huku machozi yakimtoka, mpaka shehe wa msikitini kwao alipomkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuswali juu ya kiti.

Mazoezi niliyompa yalikuwa manne, naye hakuyaanza yote kwa pamoja. La kwanza alilifanya kitandani. Anakaa mguu umenyooka, kanga iliyoviringishwa imewekwa chini ya goti, kisha anaibana kanga hiyo kwa kulikandamiza goti chini mpaka paja likaze. Anahesabu hadi tano, anaachia. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Zoezi hili halikunji goti kabisa, ndiyo maana hata mwenye maumivu makali hulimudu. La pili analala chali, mguu mmoja ameukunja, ule mwingine umenyooka kama fimbo, anauinua kiasi cha sentimita 30, anahesabu hadi tano, anaushusha taratibu. Mara kumi pia. Nilimsisitizia asizuie pumzi, kwa sababu ana shinikizo la damu, na kuzuia pumzi wakati wa kukaza misuli hulipandisha.

Wiki ya tatu tukaongeza la kukaa na kuinuka. Kiti kisicho na magurudumu kinaegemezwa ukutani, yeye anakaa ukingoni, mikono kifuani, anainuka, kisha anaketi polepole akihesabu moja, mbili, tatu. Siri ya zoezi zima iko kwenye kule kuketi polepole, kwa maana ni kazi ileile ya breki anayoihitaji kwenye ngazi. Mwanzoni alikuwa anajitupa kitini kama furushi. Tuliweka mto mgumu ili kiti kiwe juu zaidi, akaweza, na baada ya wiki mbili mto ukaondolewa. Magoti yanapoinuka yaelekee vidole vya miguu, yasikumbatiane kwa ndani. Mara nane, apumzike, mara nane tena, siku moja baada ya nyingine ili misuli ipate kujijenga. Wiki ya sita ndipo tulipokwenda kwenye ngazi, kidato cha chini kabisa peke yake: anapanda kwa mguu mgonjwa, anashuka taratibu akishika ukingo, mara tano, baadaye kumi.

Swali analouliza kila mzee ni kama aendelee inapouma. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana dhara. Mpimie kwa kumi, ambapo sifuri ni hakuna maumivu na kumi ni yasiyovumilika. Yakiwa chini ya tano, na kesho yake goti limerudi lilivyokuwa, zoezi lilikuwa la kiasi chake. Yakizidi, au goti likivimba mpaka kingo za pia zisionekane, au likaamka limekaza kuliko kawaida, kiasi kilipita. Kwa mama mkubwa ilitokea wiki ya tano. Alijisikia mwepesi, akajipigia mazoezi ya kiti mara 40 kwa siku moja. Kesho yake goti lilijaa kama embe dodo. Tukapumzisha zoezi la kiti siku tatu, lile la kanga likaendelea, kisha tukarudi kwa nusu ya idadi ya mwanzo. Wengi huacha kabisa inapofika hapo, wakiamini mazoezi yamewaharibu. Kilichohitajika ni kupunguza idadi tu. Na mtu asitarajie nafuu wiki ya kwanza, kwani misuli huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuongeza nguvu inayohisika gotini.

Uzito ni mazungumzo magumu kwa mtu mzima, hasa kwetu ambako mwili ni dalili ya neema, nami sikupenda kumwaibisha. Nilimweleza hesabu moja tu: kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti kama kilo nne katika kila hatua. Akipungua kilo tano, goti limetua kilo 20 kila anapokanyaga, siku nzima. Tukaangalia chai. Alikuwa akinywa vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Vijiko tisa kwa siku ni kama gramu 36, yaani zaidi ya kilo moja ya sukari kwa mwezi iliyoingia kwa njia ya chai peke yake. Alishuka hadi kijiko kimoja kwa kikombe, akapunguza wali wa usiku nusu sahani, na mandazi yakabaki ya Ijumaa. Samaki, maharage na mboga hatukuvigusa, kwa sababu mzee anayejinyima vyakula vya kujenga mwili hupoteza misuli pamoja na mafuta, na hilo paja ndilo tunalolitafuta. Kwa miezi mitano alipungua kilo nne na nusu.

Kuhusu joto, kwetu neno lenyewe, baridi yabisi, limewafanya watu waamini kwamba baridi huingia kwenye mifupa na kuila. Baridi haili gegedu. Lakini ni kweli kwamba wakati wa kipupwe viungo hukaza zaidi, na kukanda kwa maji ya moto huleta raha ya kweli, maana misuli inayozunguka goti hulegea na maumivu hufifia kwa muda. Taulo linatumbukizwa katika maji ya moto, linakamuliwa, linazungushiwa goti dakika 15 hadi 20. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya mazoezi. Maji yajaribiwe kwanza kwa kiwiko, hasa kwa mwenye kisukari ambaye ngozi yake haihisi vizuri. Nimewaona watu waliobabuka goti zima bila kujua. Goti lililovimba na lenye moto lisikandwe kwa joto. Hilo hupewa barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15. Na anayejipaka dawa ya kuchua au mafuta ya karafuu asiweke taulo la moto juu yake, kwa sababu hivyo viwili pamoja huchoma ngozi.

Sasa dawa. Nilipofungua mkoba wake nilikuta pakiti ya karatasi isiyo na jina, ndani yake vidonge vya rangi tatu vimechanganywa. Alivinunua mahali alipoelekezwa na rafiki, akaambiwa ni vya magoti. Vilimponya kwa siku mbili, hata akashangaa. Baada ya wiki sita uso ulikuwa umejaa na kuwa wa duara, miguu inavimba jioni, na presha imepanda. Nafuu ya ajabu namna hiyo, pamoja na uso kujaa, hunifanya nishuku predinisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi ambazo huchanganywa kwa siri hata kwenye unga unaouzwa kama dawa ya asili. Zikinywewa muda mrefu hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Na aliyekwisha kuzinywa kwa wiki kadhaa asizikate ghafla, kwa kuwa mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi zake wenyewe, naye anaweza kuzimia. Nilimpeleka kwa daktari, akampunguzia taratibu.

Daktari alimwandikia jeli ya diklofenaki ya kupaka. Kwa goti la mzee hiyo ndiyo ningetaka ijaribiwe kwanza, maana goti liko karibu na ngozi, dawa hulifikia, na inayoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko ya kidonge. Hupakwa kuzunguka goti lote mara tatu au nne kwa siku, mikono ikaoshwa, na hupewa wiki moja hadi mbili kabla ya kuhukumiwa. Haipakwi kwenye kidonda.

Parasetamoli nayo ina nafasi, ingawa kwa magoti nguvu yake ni ndogo. Vidonge viwili vya miligramu 500 saa moja kabla ya safari ya ngazi huweza kusaidia. Kwa siku nzima visizidi vinane, na mzee mwembamba au mwenye ini bovu apewe pungufu ya hapo kwa ushauri wa daktari. Asome pia pakiti za dawa za mafua, kwa kuwa nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu hujikuta amekunywa mara mbili bila kukusudia.

Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni vina nguvu zaidi, na ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Huchubua tumbo, huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, hupandisha presha na kuibana figo. Mzee anayetumia dawa za presha, hasa zile za kukojoza, akiongeza vidonge hivi kwa wiki kadhaa anaweza kuharibu figo bila dalili yoyote ya mwanzo. Daktari akiviandika, viwe vya siku chache, kwa kipimo kidogo, baada ya chakula, pamoja na dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli. Choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni damu kutoka tumboni, na mgonjwa awahi hospitali.

Sindano ya steroidi ndani ya goti ni jambo jingine, tofauti na vidonge vya kificho. Ikichomwa na daktari kwa usafi, hutuliza goti lililovimba kwa wiki kadhaa, muda wa kutosha kuanza mazoezi. Haifai kurudiwa ovyo, kwani ikizidi hudhuru gegedu lenyewe. Na goti ambalo limekwisha kabisa, linalomnyima mtu usingizi hata baada ya miezi ya mazoezi, hubadilishwa kwa la bandia. Upasuaji huo unafanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na hata kwake paja lenye nguvu kabla ya kisu hufanya kupona kuwe kwepesi.

Mama mkubwa hajafika huko. Siku ya kwanza nilimpima kwa saa: ndani ya sekunde 30 aliinuka kitini bila mikono mara tano. Mwezi wa tano aliinuka mara kumi. Goti bado linamuuma siku za mvua, na bado anapumzika kwenye kituo cha ghorofa ya kwanza anapopanda. Lakini Ijumaa iliyopita nilimkuta chini, kwenye baraza, amekaa na wenzake kwenye kiti cha plastiki alichokiweka mto. Alipotaka kurudi juu nilinyoosha mkono nimshike, akaukataa, akashika ukingo, akatanguliza mguu wa kushoto.